Kumtangulia Adui: Mpaka wa Haki ya Kujihami Baina ya Madola

Alasiri ya Jumapili, tarehe 7 Juni 1981, ndege 8 za kivita aina ya F-16, zikilindwa na nyingine 6 aina ya F-15, ziliruka kutoka uwanja wa Etzion katika rasi ya Sinai, ambayo siku zile ilikuwa ingali mikononi mwa Israeli, zikapita chini kwa chini juu ya anga ya Yordani na majangwa ya Saudia pasipo kumwomba mtu ruhusa, na kabla ya jua kuchwa zikafika Tuwaitha, kusini-mashariki ya mji wa Baghdadi, ambako serikali ya Iraki ilikuwa ikijenga kwa msaada wa Wafaransa kinu cha nyuklia kilichojulikana ulimwenguni kwa jina la Osirak, na ambacho Wairaki wenyewe walikiita Tammuz. Kwa muda wa dakika chache kinu kile kilikuwa kifusi. Askari 10 wa Iraki na fundi mmoja wa Kifaransa walipoteza maisha yao, na ndege zote za Israeli zikarejea salama.

Siku ya pili yake serikali ya Waziri Mkuu Menachem Begin ilikitangaza kitendo hicho hadharani, tena ikakitolea sababu, na sababu yenyewe ndiyo inayoifanya kadhia hii istahili kusomwa kuliko nyingi nyingine za jamii yake. Ilisemwa kwamba kinu kile kilikusudiwa kutengenezea mabomu ya atomiki; kwamba mlengwa wa mabomu hayo alikuwa Israeli; kwamba kingeanza kufanya kazi mwezi wa Julai au Septemba wa mwaka ule ule; na kwamba kikisha kuwashwa, asingekuwapo tena awezaye kukipiga pasipo kuumwagia mji wa Baghdadi sumu ya mionzi na kuua maelfu ya raia wasio na hatia, hivyo ilibidi kipigwe wakati ule au kisipigwe kamwe. Msomaji na aishike hoja hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndani yake umo utetezi mzima wa Israeli, na ndani yake limo pia lile lililouangusha utetezi huo.

Sharia iliyodaiwa kuvunjwa siku ile iliandikwa San Francisco mwezi wa Juni 1945, wakati moshi wa vita kuu ya pili ulikuwa haujatawanyika. Hati ya Umoja wa Mataifa, katika ibara yake ya 2, fungu la 4, inaziamuru nchi wanachama zijizuie, katika mambo yao ya kimataifa, kutishia au kutumia nguvu dhidi ya mipaka ya nchi au uhuru wa kisiasa wa dola yoyote. Kabla ya hapo dola iliweza kutangaza vita kwa sababu ya deni, kwa sababu ya heshima iliyovunjwa, au kwa sababu ya tamaa tu, na wanasharia wakabaki kubishana juu ya adabu za vita badala ya uhalali wake; ingawa mkataba uliotiwa sahihi Paris mwaka 1928 ulikwisha kuvikataa vita kuwa chombo cha siasa, haukuwa na meno ya kumng'ata aliyeuvunja. Hati ya 1945 ilifunga mlango huo, ikaacha matundu mawili tu ya halali: nguvu itakayoidhinishwa na Baraza la Usalama, na haki ya asili ya kujihami, mtu peke yake au pamoja na wenziwe, ambayo ibara ya 51 inaihifadhi iwapo dola mwanachama itashambuliwa kwa silaha, mpaka Baraza litakapochukua hatua zake. Anayejihami amelazimishwa pia kuliarifu Baraza mara moja juu ya alilolitenda.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Ibara inataja shambulio la silaha lililotokea, haitaji shambulio linalotarajiwa. Je, dola imwonaye adui amekwisha kuelekeza mizinga yake, amewapanga askari wake na kuwapa amri, iketi ikisubiri risasi ya kwanza iue watu wake ndipo iwe na ruhusa ya kuinua mkono? Wako wanasharia wasemao ndiyo, kwa sababu maneno ya ibara ni dhahiri, na kwa sababu kila mvamizi katika tarehe ya dunia amedai kwamba yeye alitanguliwa kwa nia. Wako wengine wasemao kwamba neno "asili" linaonyesha ya kuwa haki hii ilikuwapo kabla ya Hati, na ilivyokuwa kabla ya Hati ilimruhusu mtu kuwahi pigo lililo karibu. Mimi naona kundi la pili lina haki kwa kadiri ndogo sana, na ukubwa wa kadiri hiyo tutaujua tukiirudia kadhia ambayo wote wanaitaja na wachache wanaisimulia.

Mwezi wa Desemba 1837 waasi wa Kanada ya Juu, waliokuwa wameshindwa na Waingereza, walikimbilia pamoja na kiongozi wao William Lyon Mackenzie katika kisiwa cha Navy, ndani ya mto Niagara, juu kidogo ya maporomoko mashuhuri ya maji. Wamarekani wa ng'ambo waliwahurumia, wakawa wanawapelekea watu, chakula na bunduki kwa merikebu ndogo ya moshi iitwayo Caroline, ijapokuwa serikali yao ilijitangaza kutokuwa upande wowote. Usiku wa tarehe 29 Desemba askari wa Kiingereza walivuka kwa mashua, na walipoikosa merikebu kisiwani waliifuata hadi ilipofungwa gatini, Schlosser, katika ardhi ya Marekani; wakawavamia waliokuwamo, wengi wao wakiwa usingizini, wakawatimua, wakaitia moto na kuiachia ichukuliwe na mkondo kuelekea kwenye maporomoko. Mmarekani mmoja alikutwa gatini amekufa kwa risasi.

Ugomvi wa barua ulidumu miaka minne, na ulichemka hasa baada ya Mwingereza mmoja, Alexander McLeod, kukamatwa katika jimbo la New York mwaka 1840 na kushitakiwa kwa mauaji yale. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Daniel Webster, alimwandikia balozi wa Uingereza tarehe 24 Aprili 1841 kwamba Uingereza, ikitaka udhuru wa kujihami, lazima ithibitishe dharura ya papo hapo, yenye kulemea, isiyoacha nafasi ya kuchagua njia wala dakika ya kutafakari. Na hata ikithibitisha hayo, lazima ionyeshe tena kwamba askari wake hawakufanya lolote lililopita kiasi, kwa kuwa tendo lililohalalishwa na dharura linafungwa na dharura hiyo hiyo. Maneno haya yamerudiwa mno, ila ni nadra kutajwa yale yaliyoyafuatia katika barua ile ile, nami nayaona ndiyo yenye faida zaidi kwa anayetaka kupima. Webster alitaka aonyeshwe kwamba kuwaonya waliokuwa merikebuni kusingewezekana au kusingefaa. Kwamba haikuwezekana kungoja mapambazuko. Kwamba haikuwezekana kuwatenga wenye hatia na wasio na hatia. Kwamba kuikamata merikebu na kuizuia kusingetosha. Yaani kila njia iliyo nyepesi zaidi iwekwe mezani, na mwenye kujihami aeleze moja moja kwa nini hakuipita.

Lord Ashburton, mjumbe wa Uingereza, aliikubali mizani hiyo mwaka 1842, akateta tu kwamba mambo ya usiku ule yaliikidhi, kisha akakiri kwamba maelezo na radhi vilistahili kutolewa mapema zaidi, na Webster akaridhika. McLeod alikuwa amekwisha kuachiliwa na baraza la wazee wa mahakama. Lakini miaka zaidi ya 100 baadaye, mahakama ya Nuremberg ilipowahukumu wakuu wa Ujerumani, nao wakadai kwamba uvamizi wa Norwei wa Aprili 1940 ulikusudiwa kuwawahi Waingereza wasiteremke huko, mahakimu waliutumia mzani wa Caroline, wakaona kwamba mipango ya Wajerumani haikutokana na hofu ya kutua kwa Waingereza bali na tamaa ya kupata bandari, na hujja ile wakaitupa.

Kuna jambo moja linalosahauliwa na wapendao kuitaja Caroline ili kuilegeza Hati. Usiku ule hatari haikuwa ya kukisiwa. Waasi walikuwa kisiwani, walikuwa na silaha, walikuwa wamekwisha kupigana, na merikebu ilikuwa ikiwaongezea nguvu siku ile ile. Kilichokosekana ni pigo lijalo tu, si uadui ulioonekana kwa macho; na hata hapo Webster hakuridhika.

Mwaka 1967 ndio uliokaribia zaidi mzani huo katika zama zetu. Mwezi wa Mei mwaka huo Misri iliwataka askari wa Umoja wa Mataifa waondoke Sinai, ikaupeleka huko umati wa majeshi, ikaufunga mlango wa Tiran kwa merikebu za Israeli, na viongozi wake wakasema hadharani maneno yasiyoacha shaka. Asubuhi ya tarehe 5 Juni Israeli iliziteketeza ndege za Misri zingali ardhini. Hata hivyo, Israeli haikusimama mbele ya Baraza la Usalama ikasema kwamba imewahi. Ilisema kwamba Misri ndiyo iliyoanza. Dola iliyokuwa na hujja bora kuliko zote ya kumtangulia adui iliona ni salama zaidi kudai kwamba ilitanguliwa, na hilo ni ushahidi mkubwa juu ya jinsi madola yenyewe yalivyoielewa sharia.

Sasa turudi Tuwaitha, tukiwa na mizani mkononi. Baraza la Usalama lilikaa kuanzia tarehe 12 hadi 19 Juni 1981. Balozi wa Israeli, Yehuda Blum, alitoa hoja kadhaa, na mbili kati yake zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba Iraki ilikuwa haijapata kutia sahihi mapatano yoyote ya kusimamisha vita tangu 1949, na yenyewe ikijitangaza kuwa vitani na Israeli. Hoja hii ina uzito wa maneno kuliko wa matendo: ikikubaliwa, basi kila dola isiyofanya suluhu na jirani yake ingekuwa na ruhusa ya kudumu ya kumpiga siku yoyote itakayoona vema, na marufuku ya 1945 ingekuwa haina kazi mahali inapohitajiwa mno. Ya pili ni kwamba sharia ya zama za merikebu ya moshi haiwezi kumfunga mtu katika zama za atomiki, ambapo pigo la kwanza laweza kuwa la mwisho, na nchi ndogo haina pa kukimbilia.

Hoja hii ya pili si ya kupuuzwa, na sidhani kwamba wale waliokuwa wakiisikiliza waliipuuza. Lakini tazama alivyoijibu balozi wa Uingereza, Sir Anthony Parsons, ambaye alitumia msamiati ule ule wa Webster: hapakuwa na shambulio la Iraki juu ya Israeli, wala hapakuwa na dharura ya papo hapo yenye kulemea. Kinu kilikuwa hakijawashwa, na urani iliyoletwa na Wafaransa ilikuwa haijatiwa ndani. Iraki ilikuwa imeridhia Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na mkurugenzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, Sigvard Eklund, alisema kwamba wakaguzi wake hawakuona uvunjaji wa ahadi hiyo. Israeli kwa upande wake ilikuwa haijauridhia mkataba huo, wala haijauridhia hata leo. Kutoka kinu kuwashwa hadi bomu kupatikana ni mwendo mrefu: lazima mafuta yachomwe, plutoni itenganishwe kwa mitambo mingine, silaha iundwe, chombo cha kuirushia kipatikane, na baada ya hayo yote lazima awepo mtu wa kuamuru itupwe. Kila hatua ingeonekana kwa wakaguzi, kwa wapelelezi na kwa Wafaransa waliokuwa mahali hapo, na baina ya kila hatua na ifuatayo ilikuwapo nafasi ya kutafakari ambayo Webster alitaka iwe haipo.

Ndipo tunapoirudia ile hoja ya "sasa au kamwe". Israeli ilisema ilishambulia kabla ya Julai kwa sababu baada ya Julai isingeweza tena kushambulia. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kikiisha ni fursa ya kupiga, si muda wa kupigwa. Haya ni mambo mawili mbali mbali, na hila yote ya hujja ya kuzuia imo katika kuyachanganya. Haki ya kuwahi pigo inapimwa kwa saa ya adui: ameazimia, ameandaa, yu karibu kuachia. Hujja ya Tuwaitha inapimwa kwa saa ya mpigaji mwenyewe, naye daima ataona kwamba leo ni rahisi kuliko kesho, kwa kuwa kila adui anayeachwa hukua. Tukiihamisha saa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mpaka wa haki ya kujihami umekwisha kuondoka, ijapokuwa maneno yake yamebaki yale yale.

Tarehe 19 Juni Baraza lilipitisha azimio namba 487 kwa kura zote 15, na miongoni mwa wajumbe waliopiga kura hizo alikuwamo mjumbe wa Uganda, ambayo ilikuwa na kiti katika Baraza mwaka ule. Habari hii tuiweke kando, tutaihitaji. Azimio liliyalaani mashambulizi hayo kuwa ni uvunjaji dhahiri wa Hati, likasema kwamba Iraki inastahili fidia, na likaitaka Israeli iviweke vinu vyake chini ya ukaguzi wa shirika lile. Vikwazo havikutajwa, maana Marekani isingekubali. Balozi wake, Jeane Kirkpatrick, aliyekuwa ameyaafiki maneno ya azimio pamoja na waziri wa Iraki, alieleza kwamba nchi yake iliona kosa la Israeli kuwa ni kutomaliza kwanza njia za amani. Hata katika udhuru huo wa kirafiki, kipengele cha Webster kimo.

Watetezi wa kitendo kile hupenda kusema kwamba miaka 9 baadaye, Saddam Hussein alipoivamia Kuwaiti, ulimwengu uliishukuru Israeli kimoyomoyo. Labda. Ila wakaguzi walioingia Iraki mwaka 1991 walikuta mradi mkubwa wa siri wa kutafuta bomu kwa kusafisha urani, mradi ambao haukuwa chini ya macho ya mtu yeyote, na wako wataalamu wanaosema kwamba kupigwa kwa kinu cha wazi ndiko kulikoupa mradi wa siri msukumo wake. Mimi siingii katika ubishi huo, ambao hauwezi kuthibitishwa upande wowote. Hujja ile ya fursa inayofungika imezuka tena mara kadhaa, na mara mojawapo ni Juni 2025, Israeli na kisha Marekani zilipovipiga vituo vya nyuklia vya Irani.

Baina ya Tuwaitha na Irani ulipita mwaka 2002, ambapo serikali ya Rais George W. Bush iliandika waziwazi katika siasa yake ya usalama kwamba haitangoja vitisho viive. Katibu Mkuu Kofi Annan aliunda jopo la watu 16 kuchunguza vitisho vya ulimwengu, na miongoni mwao alikuwamo Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ripoti yao ya Desemba 2004 naiona ndiyo iliyouweka mpaka mahali pake kwa maneno mepesi. Walikubali kwamba dola inayotishwa yaweza kuchukua silaha iwapo shambulio liko karibu kweli, hakuna njia nyingine ya kulizuia, na kipimo cha jibu kinalingana. Lakini kitisho kisicho karibu, hata kikiwa cha kweli, mwenye ushahidi auchukue ushahidi wake aupeleke mbele ya Baraza la Usalama, ambalo linayo ruhusa ya kutenda mapema. Baraza likikataa, hapo utakuwapo wakati wa mashauri na wa kumzuia adui kwa kumwogofya, kisha suala laweza kurudishwa. Wasioridhika na jibu hilo waliambiwa kwamba kumruhusu mmoja ni kuwaruhusu wote.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki msomaji atauliza habari za Kagera. Sioni kwamba vita vile vinaingia katika mlango huu. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwisho wa Oktoba 1978, yakatwaa ardhi ya kaskazini ya mto, na Amin akatangaza kwamba ameifanya kuwa yake. Shambulio lilikwisha kutokea, na haki ya Tanzania kujihami haikuwa na shaka. Walichobishania wakuu wa nchi za Afrika huko Monrovia mwaka 1979 ni kama jibu linaweza kufika hadi Kampala, na hilo ni suala la kiasi, si la wakati.

Kadhia ya kwetu iliyo ya mlango huu hasa ni ile ya Kongo. Mwezi wa Agosti 1998 askari wa Uganda, ambao hapo kabla walikuwapo mashariki ya Kongo kwa ridhaa ya serikali ya Laurent-Désiré Kabila, walianza kutwaa miji na viwanja vya ndege baada ya ridhaa ile kuondolewa, wakasonga hadi Kisangani na mbele zaidi, mamia ya kilomita kutoka mpakani. Uganda ilikuwa na malalamiko ya kweli: waasi wa kundi la ADF walikuwa wakivuka kutoka milima ya Ruwenzori na kuua, na katika shambulio la Juni 1998 juu ya chuo cha ufundi cha Kichwamba makumi ya wanafunzi waliteketea. Kongo ilifungua mashitaka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini Hague, tarehe 23 Juni 1999, na Uganda ikajitetea kwamba ilikuwa ikijihami.

Hukumu ilitolewa tarehe 19 Desemba 2005, na sehemu yake iliyo nzuri kuliko zote ni pale mahakimu wanapoisoma karatasi moja. Karatasi hiyo ni uamuzi wa wakuu wa jeshi la Uganda, wa tarehe 11 Septemba 1998, unaoeleza sababu za kubaki Kongo, nao umetaja makusudi 5: kuwakomesha waasi wa Uganda waliosaidiwa na Kongo na Sudani, kuhakikisha kwamba ombwe la utawala katika Kongo haliiletei Uganda madhara, kuwazuia wale waliofanya mauaji ya halaiki wasiishambulie, kuinyima Sudani nafasi ya kuitumia ardhi ya Kongo, na kuwa tayari dhidi ya vitisho vya kuvamiwa. Mahakama iliona kwamba ni kusudi moja tu kati ya hayo linalohusu mambo yaliyokwisha kutokea. Manne yaliyobaki yote ni ya kuzuia yajayo, na karatasi nzima haikutaja hata shambulio moja lililofanywa na Kongo.

Mawakili wa Uganda walikuwa wamelikimbia suala la kutangulia. Walishikilia kwamba nchi yao haikupiga kwa kutarajia shambulio, bali kwa kujibu yaliyotokea, na kwa hiyo Mahakama, kama ilivyofanya katika kesi ya Nikaragua ya mwaka 1986, ilikataa kutoa rai juu ya uhalali wa kuwahi pigo lililo karibu. Lakini ilisema jambo lililotosha: ibara ya 51 hairuhusu dola kutumia nguvu ili kulinda maslahi ya usalama kama iyaonavyo yenyewe, nje ya mipaka ya ibara hiyo, njia nyingine zipo, na ya kwanza ni kulikimbilia Baraza la Usalama. Iliongeza kwamba mashambulio ya ADF hayakuthibitishwa kuwa ya serikali ya Kongo, kwamba Uganda haikuliarifu Baraza juu ya mambo iliyoyaona kuwa yanailazimu kujihami, na kwamba kutwaa viwanja vya ndege na miji iliyo mbali kiasi kile hakukuonekana kulingana na mashambulio ya mpakani. Mahakimu 16 kati ya 17 waliona kwamba marufuku ya kutumia nguvu imevunjwa. Aliyepinga peke yake ni James Kateka, mwanadiplomasia wa Kitanzania aliyeteuliwa na Uganda kukaa katika kesi hiyo.

Serikali ya Kampala ya mwaka 1981 si ile ya mwaka 1998. Milton Obote alikuwa Ikulu wakati wa kura ya Tuwaitha, na Yoweri Museveni alikuwa msituni akipigana naye. Lakini dola ni ile ile, na kanuni iliyoipigia kura ilipokuwa hakimu ndiyo iliyoishinda ilipokuwa mshitakiwa.

Iraki haikupata hata senti ya fidia iliyotajwa na azimio 487. Kongo imepata: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 za Kimarekani, kwa mafungu 5 ya milioni 65 kila mwaka, na fungu la kwanza lililipwa mwaka ule ule. Tofauti haikutokana na uzito wa makosa. Uganda ilikuwa imeikubali mamlaka ya Mahakama kwa tangazo la mwaka 1963, na Kongo kwa tangazo la mwaka 1989, hivyo moja iliweza kumwita mwenziwe na mwenziwe hakuweza kukataa kuja. Kongo iliishitaki Rwanda vile vile kwa ajili ya vita vile vile, ambamo majeshi ya Rwanda yalipigana hata na majeshi ya Uganda ndani ya mji wa Kisangani mwezi wa Juni 2000. Lakini Rwanda haikuwa imetoa tangazo la namna hiyo, na tarehe 3 Februari 2006, wiki chache baada ya hukumu ya Uganda, Mahakama ilisema kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo, ikaifunga bila kuuliza nani alivuka mpaka wala kwa hujja gani.